Kitu kinaanguka, hewa inakikinza kwa v²: uanzie kwenye muda (tanh) au uanzie kwenye umbali?

Hii ishu inawasumbua sana watu wa PCM wakishafika kwenye diferensho ekwesheni, na wakiingia chuo mwaka wa kwanza inawafuata tena. Swali linasema kitu kimeachiwa kutoka juu, hewa inakikinza kwa kani inayolingana na mraba wa kasi, tafuta kitu fulani. Mtu anakumbuka tu kwamba "jibu ni tanh" anaanza kuandika, kurasa mbili baadaye amekwama kwenye logi ya cosh wakati swali lenyewe liliuliza kasi ya kugonga chini, kitu ambacho kilikuwa mistari minne. Kwa hiyo nataka niziweke njia mbili kando kwa kando, kila moja nionyeshe inafaa wapi na inakwama wapi, na tuzijaribu kwenye jambo lililofanyika kweli, siyo zile namba za kutunga.

Zote mbili zinaanza na ekwesheni moja. Chini ndo upande chanya, m ni tungamo, k ni namba ya ukinzani:

```
m dv/dt = m g - k v²
```

Kabla ya chochote tafuta kasi ya kikomo, ile ambayo kani ya hewa inakuwa sawa na uzito na kitu hakiongezi mwendo tena. Niiite u. Unaweka upande wa kulia sifuri unapata u² = mg/k, ukiirudisha humo ekwesheni inakuwa safi:

```
dv/dt = g (1 - v²/u²)
```

Tafadhali fanya hivi mapema. Ukibeba m, g na k tatu tatu mpaka mwisho lazima mahali fulani upoteze mzizi wa mraba.

Sasa jambo lenyewe. Juni 1710, London, kwenye Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, tufe za kioo zilidondoshwa kutoka juu ndani ya kanisa, futi 220, na Newton akaandika matokeo kwenye toleo la pili la kitabu chake Principia mwaka 1713. Nyingine zilijazwa zebaki, nyingine zilikuwa na hewa tu ndani, na ziliachiwa mbili mbili, moja ya zebaki na moja ya hewa. Mojawapo ya zile za hewa ilikuwa na uzito wa greni 510 na kipenyo cha inchi 5.1. Tukigeuza kuja vipimo vyetu: tungamo kilo 0.03305, kipenyo mita 0.1295, urefu wa kuanguka mita 67.06. Eneo la duara lake la mbele ni mita za mraba 0.01318. Densiti ya hewa nachukua 1.2, na kigawo cha ukinzani cha tufe, C, nachukua 0.5 ambayo kwa ukubwa huu na kasi hii iko karibu na ukweli. Basi k = ½ × 1.2 × 0.5 × 0.01318 = 0.00395, na u inatoka 9.055 m/s. Kumbuka hiyo namba, tutaitumia mpaka mwisho.

Njia ya kwanza, ya muda. Unatenganisha vigeu, v zote kushoto na t kulia:

```
dv / (1 - v²/u²) = g dt
u artanh(v/u) = g t        (kimeanza kwa v = 0)
v = u tanh(g t/u)
```

Uzuri wa hii ni kwamba inakupa picha nzima ya safari kwa saa mkononi. Ndani ya tanh kuna g t/u, maana yake kila kitu kinapimwa kwa muda mmoja tu, u/g, ambao kwa tufe letu ni sekunde 0.923. Muda mmoja wa hivyo ukipita kasi imefika 76% ya kikomo, miwili 96%, mitatu 99.5%. Yaani kwenye sekunde ya 2.8 hivi tufe limeshamaliza kuongeza mwendo, safari iliyobaki yote linashuka kwa kasi ileile mpaka sakafuni.

Ukitaka umbali unaintegreti tena, na hapo ndo inapatikana ile logi:

```
y = (u²/g) ln cosh(g t/u)
```

Na kama swali limekupa urefu linataka muda, unaigeuza:

```
t = (u/g) arcosh( e^(g y/u²) )
```

Tuweke namba zetu. g y/u² ni 8.023, arcosh ya e^8.023 ni 8.716, zidisha na 0.923 unapata sekunde 8.05. Kwenye kipimo cha 1710 tufe hili liliandikiwa sekunde 8.5. Mbona tofauti? Tufe zilikuwa zimekaa juu ya ubao wenye bawaba, umezuiwa na pini, na pini ilivutwa kwa waya kutoka chini wakati huohuo pendulamu ya sekunde ikaachiwa. Ubao haukuanguka papo hapo. Newton aligundua hilo kwa kuangalia tufe za zebaki: zilichukua kama sekunde 4 wakati kuanguka bure futi 220 kunatakiwa kuchukua 3.7, basi kama sekunde 0.3 ni za ubao. Ukizitoa kwenye 8.5 unabaki na 8.2. Sisi tuna 8.05, na ukibadilisha C kutoka 0.5 kuwa 0.52 inafika 8.2. Kwa kanisa na pendulamu, mimi naona ni nzuri mno.

Njia ya pili, ya umbali. Hapa hutaki kusikia habari za t kabisa. Unaandika dv/dt kama v dv/dy (kanuni ya mnyororo tu, dy/dt ndo v) halafu unatenganisha:

```
v dv / (1 - v²/u²) = g dy
-(u²/2) ln(1 - v²/u²) = g y
v = u √(1 - e^(-2 g y/u²))
```

Hakuna tanh, hakuna cosh, kile v kilichoongezeka juu ndicho kinachorahisisha integresheni kwa sababu ni deriveti ya kilichoko chini ukiacha namba. Ukiwa na urefu na unatafuta kasi ya kugonga chini, hii inakufikisha moja kwa moja. Tufe la zebaki kwa mfano, greni 908 na kipenyo inchi 0.8: u yake inatoka kama 77 m/s, 2gy/u² ni 0.222, kasi ya kugonga sakafu ni 34.4 m/s. Bila hewa ingekuwa 36.3. Kwa njia ya muda ungelazimika kwanza kutafuta t kwa arcosh, sekunde 3.77, ndipo uiingize kwenye tanh. Jibu ni lilelile, ila umezunguka na umejipa nafasi mbili za kukosea.

Hiyo 3.77 iangalie vizuri lakini. Bila hewa ni 3.70. Sekunde 0.07 tu, na ndo maana Newton aliweza kuchukulia zebaki kama haikinzwi na kuitumia kupima uzembe wa ubao.

Sasa kuchagua. Ushauri wa kwanza mtu atakaokupa ni "swali likiwa na sekunde tumia muda, likiwa na mita tumia umbali", na kwa mitihani mingi unatosha. Lakini kuna sehemu tatu ambazo uchaguzi una uzito zaidi ya hapo.

Ya kwanza ni pale kitu kinapoanza na kasi kubwa kuliko kikomo chake. Chukua mruka kwa parachuti anayeshuka 55 m/s, parachuti inafunguka, kikomo kipya ni 5.5 m/s. Ukienda na artanh kichwa kichwa unaiambia kalkuleta itafute artanh(10) na inakurudishia Math ERROR, kwa sababu artanh haipo nje ya -1 na 1. Wengi wanadhani wamebonyeza vibaya wanarudia. Hujabonyeza vibaya, integresheni yenyewe ndo imebadilika sura. Kwa hali hii acha fomula ya jedwali, pasua ile sehemu iwe mbili:

```
1/(1 - v²/u²) = ½ [ 1/(1 - v/u) + 1/(1 + v/u) ]
(u/2) ln |(u + v)/(u - v)| = g t + c
```

Zile alama za thamani halisi ndo zinakuokoa. Kwa v ndogo kuliko u unarudi kwenye tanh, kwa v kubwa unapata coth, kasi inashuka kuelekea u kutokea juu. Kwa hiyo ndani ya njia ya muda kuna machaguo mawili: artanh ya jedwali ni fupi kama kitu kimeanza kwa kutulia, kupasua sehemu ni kurefu ila hakukudanganyi. Mimi kama kuna kasi ya kuanzia yoyote ile napasua, sifikirii mara mbili.

Njia ya umbali wala haijali:

```
v² = u² + (v0² - u²) e^(-2 g y/u²)
```

Iwe v0 ndogo au kubwa, fomula ni ileile. Weka namba za mruka parachuti: u²/2g ni mita 1.54, na kutoka 55 m/s mpaka 6 m/s inahitaji mita 9.6 tu. Mita 9.6! Hapo ndo ujue kuna kitu hakiko sawa. Rudi kwenye ekwesheni uangalie mchapuko ule wa mwanzo: v²/u² ni 100, hivyo mtu anavutwa kurudi juu kwa mara 99 ya g. Hakuna anayetoka salama na hiyo. Hesabu haijakosea, kilichokosea ni kudhani parachuti inafunguka yote kwa mpigo mmoja, wakati za kweli zimetengenezwa zifunguke taratibu, k inakua kidogo kidogo kadiri kitambaa kinavyojaa. Kwa hiyo kila ukitoa jibu la swali la parachuti cheki mchapuko wa mwanzo, ukikuta makumi ya g jua dhana ya k isiyobadilika imeshavunjika.

Ya pili ni pale hewa yenyewe inapobadilika. Felix Baumgartner aliporuka tarehe 14 Oktoba 2012 kutoka karibu kilomita 39, huko juu hewa ni nyembamba sana, alipita 1,350 km/h, halafu akaanza kupungua mwendo huku bado anaanguka bure, parachuti haijafunguliwa. Ukitazama tanh hilo haliwezekani, tanh inapanda tu haishuki. Kilichotokea ni kwamba kikomo chake kilikuwa kinashuka kadiri hewa inavyokuwa nzito, akajikuta yuko juu ya kikomo. Kwenye njia ya muda k inakuwa inategemea y ambayo huijui bado kwa t, vigeu havitenganishiki, basi. Kwenye njia ya umbali andika w = v² uone:

```
dw/dy + (2 k(y)/m) w = 2 g
```

Hiyo ni ekwesheni ya mstari, ya daraja la kwanza, inatatulika kwa kuizidishia kigawo cha integresheni hata kama k inabadilika na kina. Kwangu mimi hii ndo sababu kubwa ya kuipenda njia ya umbali, na sijui kwa nini haisemwi sana darasani. (Kwa Baumgartner mwenyewe bado haitoshi, ukikaribia na kupita kasi ya sauti hata C haitulii.)

Ya tatu ni ndogo lakini inakula maksi, nayo ni kalkuleta. Ile fomula ya arcosh ina e^(g y/u²) ndani. Tufe letu lilelile lidondoshe kutoka kilomita 2: g y/u² inakuwa kama 239, na kalkuleta za kawaida haziwezi kubeba zaidi ya 10^100, ambayo ni e^230 hivi. Math ERROR tena. Suluhisho ni kwamba kwa namba kubwa arcosh(e^x) ni x + ln 2 tu, basi:

```
t ≈ y/u + 0.693 u/g
```

Hii naipenda kwa sababu inasomeka: gawa urefu kwa kasi ya kikomo kana kwamba kitu kilianza kwa kasi hiyo tangu juu, halafu ongeza faini ndogo ya kuchelewa kuanza. Kwa tufe la hewa ni 7.41 + 0.64 = 8.05, sawasawa na arcosh. Masharti yake ni g y/u² isipungue 2 hivi, hapo kosa liko chini ya 0.2%. Kwa tufe la zebaki, ambalo g y/u² yake ni 0.111, ukiitumia inakupa sekunde 6.3 badala ya 3.77, upuuzi mtupu. Kwa hiyo hesabu g y/u² kwanza kabla hujachagua chochote. Ikiwa ndogo sana uko karibu na kuanguka bure, ikiwa kubwa uko karibu na mwendo usiobadilika, na tanh nzima unaihitaji kweli kweli pale katikati tu.

Kitu cha pembeni kuhusu kalkuleta hiyohiyo: tanh haijali uko DEG au RAD. Lakini kitu kikirushwa kwenda juu ukinzani na uzito vinaelekea upande mmoja, alama inageuka inakuwa 1 + v²/u², na integresheni inatoa arctan siyo artanh. Hapo lazima uwe RAD. Mtu aliyezoea tanh huwa hakumbuki kubadilisha anapata muda wa kupanda unaozidi mara 57. Njia ya umbali hapa pia inakwepa balaa, urefu wa juu kabisa ni (u²/2g) ln(1 + v0²/u²) na hakuna pembe yoyote. Ila ukitaka safari ya kupanda na kushuka yote lazima uikate vipande viwili kwa njia yoyote ile, maana v² haijui kama unapanda au unashuka.

Na kama k inabadilika kwa muda, kama parachuti inayojaa, au kitu kinapanda na kushuka na upepo juu yake, achana na zote mbili ufanye hatua kwa hatua kwenye kompyuta:

```python
g, u, dt = 9.81, 9.055, 0.001
v = y = t = 0.0
while y < 67.06:
    v += g*(1 - v*abs(v)/u**2)*dt
    y += v*dt
    t += dt
print(t, v)
```

Hiyo v*abs(v) ndo inayoshughulikia kupanda na kushuka bila kukata vipande. Kwa tufe la London inatoa 8.05 na 9.055, hivyo ijaribu kwanza kwa kesi unayojua jibu lake kabla hujaweka k yako inayobadilika. Angalizo moja tu, dt iwe ndogo sana kuliko u/g. Kwa tufe hili u/g ni 0.923, ukiweka dt ya sekunde 1 kwa uvivu utaona kasi inarukaruka juu na chini ya kikomo haitulii, na ukiona hivyo usianze kutafuta maelezo ya fizikia, punguza dt.